Mada: Zawadi ya kupeleka kwao rafiki, Alhamisi hadi Jumatatu, Umoja, Nairobi

Rehema aliandika:

Habari zenu ndugu zangu. Hosteli yetu inafunguliwa Jumatatu, nami natoka Moshi Alhamisi. Rafiki yangu wa darasani amenikaribisha kwao Umoja siku hizo zote. Kuna baba, mama, bibi mzaa baba, wadogo zake wawili wa shule ya msingi, na dada wa kazi. Rafiki ananiambia nisilete kitu, nije tu. Mama yangu hataki hata kusikia hayo. Ananiandalia mkungu wa ndizi na mchele kilo kumi. Fedha niliyo nayo ni kama shilingi 4,000 za Kenya. Nipeleke nini, na nimkabidhi nani?

Frank aliandika:

Rehema, mchele acha. Kenya ilizuia nafaka zetu kwa ajili ya sumukuvu, utanyang'anywa Namanga. Ukifika mjini nunua keki kubwa supamaketi, umemaliza.

Baba Imani aliandika:

Binti yangu, nakupa ushauri wa mzazi. Kwenda kuonwa na wazazi wa kijana hakufanywi hivyo, kulala kwao siku nne kabla wazee hawajatangulia. Waambie wazazi wako watume mshenga kwanza, mambo ya zawadi yatafuata.

Rehema aliandika:

Shikamoo baba. Samahani, sikueleza vizuri. Rafiki ni msichana mwenzangu, tunakaa chumba kimoja hosteli.

Mama Zawadi (South B) aliandika:

Rehema mwanangu, kwanza nimsahihishe Frank. Kilichozuiwa ni mahindi, Machi 2021, na zuio lenyewe liliondolewa siku chache baadaye kwa masharti. Mchele haukuwemo. Ndizi ndizo zitakazokusumbua. Matunda na mimea mibichi huhitaji cheti cha afya ya mimea, na mkungu juu ya gari hauna pa kujificha. Mwambie mama abaki nao.

Mchele beba, lakini kilo tano zinatosha. Kumi utazivuta kwenye ngazi za ghorofa, na wenyeji watajiona kama wamepelekewa msaada. Utie kwenye mfuko wa kitambaa au kikapu. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku Kenya tangu Agosti 2017, na kwetu tangu Juni 2019. Mchele wa Kyela unasifiwa sana huku, ingawa wana pishori yao ya Mwea, kwa hiyo mama mwenye nyumba ataupika siku akipata wageni wengine na kukutaja.

Ukifika Alhamisi, usimpe rafiki yako mzigo mlangoni. Salimia, kaa, kunywa chai. Mama akiinuka kwenda jikoni mfuate na kikapu, umwambie mama yako amemtumia mchele. Kutaja mama yako kunaiweka zawadi kati ya wazazi na wazazi, na mwenyeji haoni kama mwanafunzi amejipunja.

Bibi mnunulie doti ya kanga hukohuko Moshi. Soma maandishi kabla hujalipa! Kanga nyingi zina mafumbo ya mke mwenza na majirani, na Nairobi wapo wengi wanaosoma. Tafuta ya dua au ya kumsifu mama, kama "Nani kama mama". Ipeleke ikiwa haijakatwa wala kupindwa, aione ni mpya. Na usije ukaikata doti moja, kipande kwa bibi na kipande kwa mama.

Zile 4,000 zisiishe Alhamisi. Watu wengi hukosea hapo: wanafika na mifuko sita, halafu Ijumaa hadi Jumatatu wanakula tu. Nyumba ya Nairobi inakunywa chai ya maziwa asubuhi na jioni, na mgeni akiongezeka cha kwanza kupungua ni maziwa. Utaona tu: mtoto anatumwa dukani jioni aje na pakiti moja ya nusu lita. Ukiona hivyo, kesho yake asubuhi toka na mmoja wa wadogo, nunua pakiti sita, mkate mkubwa, sukari kilo mbili na trei ya mayai. Kama hawana friji, chukua maziwa ya muda mrefu. Usiulize ruhusa, maana wakiulizwa watakataa. Weka jikoni, basi.

Jambo moja umuulize rafiki mapema: wanasali wapi. Kama ni Waislamu, usinunue soseji wala nyama bila kujua imetoka wapi. Kama ni Wasabato, majani ya chai na kahawa huenda visiguswe katika nyumba hiyo, japo najua Wasabato wa Kisii wanaokunywa chai kila siku. Keki ya Frank si mbaya, watoto wataifurahia, ila usiku huohuo imekwisha.

Salum aliandika:

Mimi nilikaa kwao rafiki yangu Rongai wiki nzima, na maji ya bomba yalikuwa hayaji. Kila asubuhi baba yao alinunua madumu ya lita ishirini kwa mwenye mkokoteni, na mimi naoga kama niko baharini mpaka rafiki aliponinong'oneza. Siku ya tatu nilimlipa yule wa mkokoteni madumu kumi kabla mzee hajaamka. Hakuna zawadi iliyopokewa vizuri kama ile, na zawadi rasmi niliyobeba ilikuwa kahawa, ambayo hakuna aliyeinywa. Umoja sijui hali ya maji ikoje mtaa wao, lakini angalia mapipa bafuni. Yakiwa yamejaa na kufunikwa, ujue maji yanahesabiwa.

Frank aliandika:

Nakubali ya mahindi, asante mama. Nami naongeza: mnunulie tokeni za umeme. M-Pesa, Paybill 888880, namba ya akaunti ni namba ya mita. Unapata tarakimu ishirini kwa ujumbe, unampa rafiki aingize. Mia tano inaonekana kuliko mkate.

Mama Zawadi aliandika:

Frank, namba ya mita ataipata wapi bila kuiomba? Akiiomba, baba wa nyumba atasikia mgeni wa mwanawe anataka kumlipia umeme. Kwa wengine ni sawa, kwa wengine mzee atakaa kimya siku mbili. Salum alilipa mkokoteni nje, hakuingia kwenye bili ya mtu.

Frank aliandika:

Mimi nimewafanyia wenyeji wangu zaidi ya mara moja na walishukuru. Vijana wa siku hizi hawana shida hiyo.

Mama Zawadi aliandika:

Vijana, ndiyo. Nyumba hii ina bibi.

Rehema, nilisahau dada wa kazi. Kitanda chako yeye ndiye atakayetandika, vyombo vyako ataosha yeye. Jumatatu kabla hujaondoka mpe mia tatu au nne mkononi, lakini mwambie kwanza mama wa nyumba, asije akadhani mmekuwa na siri. Na bibi akikufungia kitu cha safari, kipokee kwa mikono miwili hata kama ni mahindi ya kuchoma matatu. Kikapu chako hakitarudi kitupu, kwa hiyo usikibebe kile kibovu.

Rehema aliandika:

Asanteni sana wote. Mama amekubali kuacha ndizi, mchele tumepima kilo tano. Rafiki anasema wao ni Wasabato na chai wanakunywa. Linalonitatiza sasa ni doti: bibi apate kanga na mama apate mchele tu, wakati wote wawili wako sebuleni? Mama yangu anasema ninunue mbili au nisinunue kabisa, na mbili zitakula karibu nusu ya fedha ya maziwa.

Salum aliandika:

Mpe bibi mbele ya wote. Mama mkwe akiheshimiwa, mkwe anapumua.

Mama Zawadi aliandika:

Inategemea wanavyoishi hao wawili, Salum. Rehema, muulize rafiki yako leo kabla hujaenda sokoni, yeye anawajua.