Mafundi tupeane uzoefu: ile kazi nzuri uliipataje, nani alikutaja?

Fundi_Tabata: Wakuu, jana nimepigiwa simu na mtu nisiyemjua. Kanunua nyumba Kinyerezi, kafungua boksi la breka, kakuta nimeandika kwa marka peni kila breka ni ya nini (taa vyumbani, soketi sebuleni, pampu), na chini namba yangu. Ile waringi niliifanya 2016! Ana nyumba tatu za kupangisha, anataka zote zipitiwe. Nimekaa nikajiuliza, kumbe kazi zinatembea hivi? Nyie zenu zilikujaje?

mchomeaji_wa_geti: Kuandika namba hiyo kweli tupu. Mimi nagonga kwenye bawaba.

Nondo12: Namba gani ya 2016 bado iko hewani? Mimi nimebadilisha laini mara nne 😂

Fundi_Tabata: Ndiyo maana hupigiwi mkuu.

BabaZai: Mada hii imenigusa pabaya. Ngoja niseme.

2019 nilipata nyumba Goba, vyumba vinne. Duka moja la vifaa lilikuwa linanipa asilimia 10 kwa kila mteja ninayempeleka. Nikampeleka. Waya wa 2.5 wa soketi ulikuwa bei poa kuliko wenzake, na rola ilikuwa nyepesi mkononi. Niliusikia ule wepesi, nikanyamaza, maana kamisheni ilishaingia mfukoni.

Miezi mitano baadaye mama mwenye nyumba ananipigia, jikoni kunanuka plastiki. Nafika, soketi ya birika imegeuka kahawia. Nakwangua waya kwa kisu: juu rangi ya shaba, ndani mweupe. Aluminiamu iliyopakwa! Ile ukiikaza kwenye skrubu inalegea polepole, pakilegea panapata moto. Breka haikati, kwa sababu umeme haujazidi, ni kiungo tu ndicho kinachoungua.

Nilivuta waya wa soketi nyumba nzima kwa hela yangu, siku sita. Yule mama hakunisema vibaya usoni, lakini mtaa ule sikupata kazi tena. Kilichonishangaza ni fundi wa jipsamu, alikuwa bado anamalizia dari sebuleni. Aliniona navuta. Tangu hapo kanitaja kwenye nyumba nne. Mteja anajenga mara moja, yule wa jipsamu kila mwezi yuko saiti mpya, na huwa anaulizwa "unamjua fundi umeme?"

Nondo12: Hadithi nzuri ila kamisheni siyo dhambi. Duka linanilipa kwa kuleta mteja, shida iko wapi?

BabaZai: Shida ni kwamba siku hiyo macho yangu yalikuwa ya duka, si ya mteja.

Nondo12: Kwa hiyo wote wanaopokea ni matapeli? Acha unafiki, kwanza na wewe ulikula.

Dada_wa_Saiti: Punguzeni jazba kaka zangu. Mimi nasimamia saiti, fundi akiniambia mapema "duka lile wananipa kitu kidogo" sina neno naye. Nikija kujua mwenyewe, namba naifuta.

MpangajiMbagala: Samahani wakuu, LUKU yangu inaisha haraka sana, tatizo nini?

Fundi_Tabata: Siyo mada, ila zima swichi kuu halafu kaitazame mita. Taa ikiendelea kupepesa, huenda kuna mtu kajiunga kati ya mita na swichi yako. Usiguse, waite TANESCO.

Mzee_Veta: Vijana, kutajwa kunakufikisha mlangoni tu. Mwaka juzi nilitajwa kwa meneja wa hoteli ndogo Bagamoyo. Kanipenda, bei tumekubaliana. Kaniomba leseni ya EWURA, TIN na risiti ya EFD. Nilikuwa na cheti cha VETA na mikono yangu. Kazi kachukua kijana niliyemfundisha mimi, yeye karatasi anazo. Bora kaniita kibarua.

Nondo12: Leseni ni hela ya bure, nyumba za watu hawaulizi.

Mzee_Veta: Nyumba za watu hawaulizi, ni kweli. Ndiyo maana miaka ishirini niko nyumba za watu.

mchomeaji_wa_geti: 😳

KijanaKibaha: Sasa sisi tunaoanza tufanyeje? Nishushe bei nijulikane?

Nondo12: Shusha, ukijulikana unapandisha.

Dada_wa_Saiti: Usishushe! Ukishajulikana kwa bei ya chini, anayekutaja anakutaja na bei yake. "Muite yule, anachukua laki moja na nusu." Utapandishaje hapo? Taja bei kamili, kisha mpe kitu: rudi baada ya mwezi ukaze skrubu za soketi bure.

BabaZai: Hiyo ya kurudi naiunga mkono. Nusu saa tu, na mara nyingi unamkuta jirani pale anauliza.

KijanaKibaha: Na nauli ya kurudi nani analipa?

Nondo12: 😂😂 Swali hilo mjibuni.