Paleti ipite lakini mtu asipite: pazia la mwanga linanisumbua, wakuu naombeni ushauri

FundiWaNyakato
Wakuu habari za kazi. Nipo kwenye kiwanda cha unga hapa Nyakato, Mwanza. Tuna mashine ya kuzungushia paleti nailoni, ile yenye mkono unaozunguka mzigo. Mlango wa kuingizia una pazia la mwanga, yaani safu ya miale. Mtu akipita, mkono unasimama. Paleti ikija, sensa mbili zinalinyamazisha pazia ili mzigo uingie bila kusimamisha mashine.

Sensa zote mbili ziko nje ya pazia, zimepangwa sambamba, moja mbele ya nyingine kwa sentimita 12, kimo cha kama sentimita 40. Konveya inakwenda sentimita 20 kwa sekunde. Mlango una upana wa mita 1.4 na paleti ni mita 1 kwa 1.2.

Kero ni mbili. Kwanza, mara nyingine paleti ikiwa katikati ya mlango mashine inakata. Pili, na hii ndiyo inaninyima usingizi: juzi nilisimama mbele ya sensa, taa ya kunyamazisha ikawaka, nikasogea ndani na mkono ukaendelea kuzunguka. Bosi hajali hiyo ya pili, anataka tu niongeze muda wa kunyamazisha ili uzalishaji usisimame. Nifanyeje?

Kijana_Pielsii
Mkuu hiyo rahisi. Ingiza sensa kwenye pielsii, ile kompyuta ndogo inayoendesha mashine, weka taima, zote mbili zikiwaka ndani ya nusu sekunde pazia linyamaze, vinginevyo likate. Mtu hawezi kuzipita kwa kasi ileile ya konveya. Na kwa kukata katikati, ongeza kuchelewa kidogo wakati wa kuzima.

BintiIgogo
Samahani, kama mnataka kuhesabu paleti, sisi kwenye maghala tunatumia sensa moja tu ya kuakisi na kaunta. Pazia la nini?

FundiWaNyakato
Dada, sihesabu. Pazia lipo kwa ajili ya mtu.

MzeeWaPaneli
Kijana, wazo la muda si baya ila umeligusa nusu. Kwanza, uamuzi wa kunyamazisha pazia hauachiwi pielsii ya kawaida. Unafanywa na rilei ya usalama yenye kazi hiyo, au pielsii ya usalama, na kila sensa inaingia kwenye pini yake. Nimekuta sehemu wamechukua sensa moja wakaigawa waya mbili. Hiyo ikikwama kwenye "kuna kitu", pazia limekufa na hakuna atakayejua.

Pili, sasa hivi paleti inafunika sensa ya kwanza, kisha baada ya sekunde 0.6 ya pili, maana 12 gawa kwa 20. Kwa hiyo nusu sekunde yako itakataa hata paleti. Na mtu naye? Miguu ya mtu inafunika sentimita 12 bila shida, tena zote karibu kwa wakati mmoja. Muda hautakuokoa hapo, umbo ndilo litakuokoa.

Lakini kabla ya sensa, Fundi nikuulize: kwa nini pazia linyamazishwe wakati mkono unazunguka?

FundiWaNyakato
Mzee sijakuelewa. Paleti inaingia mkono ukiwa umesimama kwenye maegesho yake, haiwezi kuingia ukizunguka. Ila rilei haina habari na hilo, inaangalia sensa tu.

MzeeWaPaneli
Hapo ndipo penye tundu. Rilei nyingi za namna hiyo zina pini ya kuruhusu. Iruhusu pale tu swichi ya usalama ya mkono inasema umeegeshwa na konveya ya kuingiza inakwenda mbele. Mkono ukiwa unazunguka, hata ukifunika sensa kwa meza, pazia libaki hai. Hilo peke yake linaua lile jaribio lako la juzi.

Bado mtu anaweza kuingia mkono umeegeshwa, akabaki ndani. Kwa hiyo mzunguko usianze wenyewe pazia likishakatwa au likishanyamazishwa. Lazima mtu abonyeze kitufe cha kurejesha, kikiwa nje, mahali ambapo anaona ndani yote na ambapo aliye ndani hakifikii.

Sasa umbo. Acha usambamba, panga miale miwili ikatane kama X bapa. Makutano yawe sentimita 3 nyuma ya pazia, upande wa ndani. Nguzo za nje ziwe sentimita 25 mbele ya pazia, za ndani sentimita 31 nyuma yake. Paleti ya mita 1 ikija katikati, pembe zake mbili zinagusa miale yote kwa pamoja, kama sentimita 17 kabla ya pazia. Kwa kasi yako hiyo ni karibu sekunde 0.85, rilei inatosha kujiandaa. Ikija imeegemea upande mmoja sentimita 5, mwale mmoja unatangulia kwa sekunde 0.2 tu. Hivyo dirisha la muda kati ya sensa unaweza kuliweka sekunde 1, si 4 kama wengi wanavyoliacha. Mtu akija katikati anagusa pazia kabla ya kugusa miale yote miwili. Akija pembeni anagusa mwale mmoja, kisha pazia.

Usiniamini kwa maneno. Chukua pipa la mviringo la kipenyo cha sentimita 50, lisukume taratibu katikati, kushoto, kulia. Likilinyamazisha pazia hata mara moja, rekebisha nguzo.

Sangara_Mkavu
Sisi kiwandani kwetu cha samaki tulikuwa na X kama hiyo, ikafanya kazi vizuri. Shida ilikuwa umeme ukikatika paleti ikiwa mlangoni. Ukirudi, pazia limezibwa, mashine haiwaki. Kuna ufunguo wa kushikilia ili kuitoa paleti, vijana wakaubana na kijiti. Ufunguo wowote wa hivyo uwekeeni kikomo cha muda, na ukiachiwa konveya isimame.

MzeeWaPaneli
Sangara, umenena. Na uwe mahali ambapo anayeushika anauona mlango.

Fundi, ile kukata katikati usiitibu kwa kuchelewesha kuzima. Kimo cha sentimita 40 kwenye magunia kinaweza kuangukia kwenye mwanya kati ya tabaka mbili. Mwale ukipenya hapo, rilei inaona paleti imekwisha huku pazia bado limezibwa, inakata. Tazama taa za sensa wakati paleti inapita. Ikipepesa, pandisha au shusha nguzo hadi mwale ugonge tumbo la gunia. Epuka kimo cha paleti yenyewe, pale kuna nafasi za uma wa foko.

FundiWaNyakato
Nimeangalia mzee, inapepesa kweli, magunia ya kilo 25 yana mwanya palepale. Nitashusha. Ila kwa X yako, mkia wa paleti ukishapita pazia, miale si itaendelea kuzibwa kwa muda?

MzeeWaPaneli
Ndiyo, sentimita 23 hivi baada ya pazia, zaidi ya sekunde moja. Ndiyo maana chagua kwenye rilei kwamba kunyamazisha kuishe pazia linapokuwa wazi, usisubiri sensa. Lakini mtu akiwa amejibandika nyuma ya paleti hataonekana na pazia, na hilo X halilitatui. Linatatuliwa na mkono kuegeshwa na kitufe cha kurejesha.

Kijana_Pielsii
Na pembeni je? Mlango 1.4, paleti 1, kila upande sentimita 20. Mwembamba akijipinda anapita kando ya mzigo.

MzeeWaPaneli
Swali zuri, Kijana. Pengo tunalenga lisifike sentimita 20, na hapa limefika. Bati la kuongozea mzigo lingelipunguza.

FundiWaNyakato
Shida paleti nyingine zinaingia kwa upande wa 1.2, bati litazikwangua magunia. Vipande vya mlango vyenye bawaba na swichi, vinavyosukumwa na paleti, kuna aliyevifunga? Bosi ameshauliza bei.

Sangara_Mkavu
Tulifunga. Vinazuia, lakini unga ukiingia kwenye bawaba swichi zinaanza kulalamika. Sina jibu zuri la hilo.