Naomba ushauri: nianze na deni dogo au lenye riba kubwa?

Wakuu habari za leo, nina madeni mawili yananikosesha usingizi. Saccos nadaiwa laki 3 riba 1% kwa mwezi, alafu kuna hawa kausha damu wa mtaani nadaiwa laki 6 riba 10% kwa mwezi, zote zinahesabiwa kwenye salio lililobaki. Nina laki 2 kila mwezi ya kulipa.

Wife anasema tumalize la saccos kwanza tupumue, na wadhamini wangu ni majirani, nikikutana nao naona aibu. Nimekaa na kalkuleta, nikianza na saccos huku kausha damu nawapa riba tu, elfu 60 inaenda hivihivi kila mwezi, saccos inaisha mwezi wa 3 na riba yote inafika kama 283,000. Nikigeuza, saccos nikawapa riba yao ya elfu 3 tu, kausha damu wanaisha mwezi wa 4 na riba yote ni kama 167,000. Njia zote ni miezi 6 ila tofauti ni laki na 16, hiyo ni ada ya mtoto jamani.

Shida, saccos watakubali riba tupu miezi 3 bila kuwasumbua wadhamini? Aliyewahi kuomba hivyo aliongea nao vipi?