Naombeni ushauri: alt na kepsheni za picha za vikapu nilizotengeneza kwa akili mnemba

KapuLaKihesa
Kamwene wakuu. Niko Iringa, nauza vikapu vya milulu, nina kiwebsaiti changu cha WordPress nimeweka bidhaa sita. Sina kamera nzuri, nikaamua picha nitengeneze kwa akili mnemba, zikatoka nzuri kweli. Sehemu ya alt, yale maandishi yanayokaa nyuma ya picha, sikujua niandike nini, nikachukua yale maelekezo niliyoiandikia ile programu nikayabandika vilevile kwenye picha zote sita, nikaona si ndio maelezo ya picha hayo.

Wiki iliyopita mteja kanipigia kutoka Mbeya, yeye haoni, anatumia simu inayomsomea skrini. Aliagiza kikapu cha kati ampe mama yake zawadi. Anasema simu ilimsomea "kikapu cha milulu chenye mfuniko na michirizi ya zambarau juu ya meza ya mninga pembeni parachichi mwanga wa asubuhi", kikapu kimefika hakina mfuniko. Na kweli cha kati hakina, yale maelekezo niliyaandika kwa ajili ya lile kubwa la nguo nikawa nayarudiarudia. Nimemrudishia hela na nimeumia sana maana mtu aliniamini kwa maneno tu.

Sasa naomba mnisaidie, alt naandika nini, kepsheni naandika nini, na je Google inanipata kwa hayo maneno au la? Nataka nirekebishe zote sita.

Mwanjelwa_Tech
Dada pole. Alt ni kwa ajili ya Google, weka maneno ambayo watu wanatafuta: kikapu cha Iringa, vikapu vya asili Tanzania, kapu la milulu bei nafuu, kikapu cha zawadi, yote uyapange pale. Ila yasizidi herufi 125, ndio mwisho uliowekwa. Na jina la faili nalo libadilishe, lisiwe final-3.png.

Kamera_Uyole
Dada usinunue kamera ya bei, simu yoyote ya sasa inatosha. Weka kikapu karibu na dirisha saa tatu asubuhi, nyuma tundika shuka jeupe, upande wa pili weka karatasi nyeupe irudishe mwanga. Nimepiga hivyo bidhaa za watu wengi huku Mbeya.

KapuLaKihesa
Asante kaka, ila hapa nauliza maandishi ya picha.

FundiWeb_Mafinga
Dada, hapo una vitu vitatu umevichanganya: kikapu chenyewe, picha, na yale maelekezo. Maelekezo ni kile ulichokiomba, na programu hizi hazikupi kila ulichoomba, nyingine inaacha parachichi, nyingine inaongeza mkono wa ngozi ambao hukuutaja. Kwa hiyo maelekezo yaweke pembeni kabisa usiyaguse tena. Fungua picha, shika kikapu halisi mkononi, alafu andika unachokiona kwenye picha.

Mfano chukua hicho hicho cha kati. Umesema hakina mfuniko. Nipe vipimo vyake na uniambie kwenye picha kinaonekanaje.

KapuLaKihesa
Mdomo sentimita 32, kimo 28, mikono miwili ya kusuka kwa milulu hiyohiyo, michirizi miwili ya zambarau. Kwenye picha... ndio nimeiangalia vizuri sasa hivi, michirizi ni mitatu na mikono ni ya ngozi ya kahawia. Sikuwahi kuona jamani.

FundiWeb_Mafinga
Ndio nilichokua nakisubiri. Sasa jaribu kuandika alt ya hiyo picha. Ukiandika "mikono ya ngozi" umeielezea picha sawasawa lakini asiyeona anajua anauziwa kikapu cha ngozi. Ukiandika "mikono ya milulu" umesema kweli kuhusu kikapu lakini picha inasema kingine, yani anayeona anadanganywa na asiyeona anaambiwa ukweli, wateja wawili wa duka moja wanapata bidhaa mbili. Hakuna sentensi itakayoliponya hilo. Picha ambayo huwezi kuiandikia alt iliyo kweli kwake na kweli kwa bidhaa, itoe. Tengeneza nyingine ukianzia na picha halisi ya kikapu uliyoipiga kwa simu, uiombe programu ibadilishe mandhari tu ya nyuma isiguse kikapu, alafu wewe uhesabu tena michirizi.

Ikishakaa sawa, andika hivi:

```html
<figure>
  <img src="kikapu-milulu-kati.jpg"
   alt="Kikapu cha milulu chenye mdomo wazi, rangi ya majani makavu, michirizi miwili ya zambarau katikati, mikono miwili ya kusukwa">
  <figcaption>Kikapu cha kati: mdomo sm 32, kimo sm 28,
  hakina mfuniko. Mandhari ya nyuma imetengenezwa
  kwa akili mnemba.</figcaption>
</figure>
```

Ona tofauti. Alt ni ya asiyeiona picha, inabeba kile ambacho jicho lingekichukua. Kepsheni inaonekana na wote, inabeba kile ambacho hata jicho haliwezi kukijua kwa kutazama, kama vipimo, na kwamba picha imetengenezwa. Usirudie sentensi ileile kote kuwili maana anayesikiliza anasikia mara mbili. Na usianze na "picha ya", simu yenyewe inatangaza kwamba hii ni picha.

@Mwanjelwa_Tech jina la faili uko sahihi kabisa. Ila herufi 125 sio sheria, Google haijaweka kikomo wala WCAG, ule mwongozo wa kufanya websaiti zitumike na wenye ulemavu, haujaweka, watu wamezoea tu kuisema. Sentensi moja au mbili fupi inatosha. Na kurundika maneno Google wenyewe wameandika kwenye mwongozo wao tusifanye, kunaweza kuifanya websaiti ionekane ya spamu. Alt wanaitumia kweli kuielewa picha, lakini pamoja na kuitazama picha yenyewe na kusoma maandishi yaliyo karibu nayo. Ndio maana kepsheni nzuri inakusaidia kutafutwa. Neno "kikapu cha milulu" limo mara moja mahali pake, na hilo ndio mtu analiandika akitafuta.

Mwanjelwa_Tech
Sawa mkuu hiyo ya 125 niliisoma sehemu nikaishika. Lakini "Iringa" mbona hujaiweka? Mtu wa Dar anatafuta kikapu cha Iringa sio kikapu cha milulu.

FundiWeb_Mafinga
Iweke kwenye jina la bidhaa na kwenye maelezo ya ukurasa, "Kikapu cha Iringa, saizi ya kati". Kwenye alt mimi siiweki kwa sababu Iringa haionekani kwenye picha. Wapo wanaoiweka na sitasema wamekosea, ikiwa ni jina la aina ya kikapu basi inaelezea bidhaa.

nasikia_skrini
Mimi ni mwalimu niko Tukuyu, sioni, natumia TalkBack. Nimeingia kwenye websaiti yako dada baada ya kusoma uzi huu. Naomba niseme matatu.

La kwanza, picha sita zenye maneno yaleyale kwangu ni kikapu kimoja kimewekwa mara sita, sijui kipi kikubwa kipi kidogo, narudi nyuma naanza upya alafu natoka. Kama bidhaa moja ina picha ya mbele na picha ya chini ya kitako, kila moja iseme yake: ya pili iniambie kitako kimesukwaje, usinirudishie michirizi.

La pili, simu yangu inasoma websaiti yako kwa sauti ya Kizungu. "Kikapu" inatoka kitu hakieleweki. Nadhani ndani imeandikwa lugha ni Kiingereza.

La tatu, kwamba picha imetengenezwa na akili mnemba, mimi nataka nijue kwenye alt hukohuko. Nikiwa napitia picha kwa picha mara nyingi kepsheni siifikii.

FundiWeb_Mafinga
Mwalimu asante sana, la pili nimeliangalia na ni kweli, juu kabisa ya ukurasa imeandikwa `lang="en-US"`. Dada ibadilishwe iwe `lang="sw"`, hapo simu itachagua sauti ya Kiswahili kama imewekwa. Huo ni mstari mmoja lakini bila huo alt zote utakazoandika zitasomwa kwa matamshi ya watu wengine.

Kwenye la tatu mimi nilikua nimezoea kuliacha kwenye kepsheni ili alt isirefuke. Kwa picha ambayo kitu kizima kimetengenezwa nakubaliana na wewe iwemo. Kwa picha ambayo ni mandhari tu imebadilishwa bado nasita.

nasikia_skrini
Unasita kwa sababu ya urefu. Mimi maneno manne hayanichoshi. Kinachonichosha ni "mwanga wa asubuhi".

ParachichiNjombe
Samahani naingilia, mimi nauza parachichi kwa WhatsApp, picha nazo nimetengeneza, alt naiweka wapi? Nimetafuta kwenye katalogi sijaona.

FundiWeb_Mafinga
Kwenye katalogi ya WhatsApp sijakutana na sehemu ya alt, hivyo tumia sehemu ya maelezo ya bidhaa, yaandike kama mtu hajaona picha: aina, ukubwa, kreti ina kilo ngapi. Instagram ipo, ukienda kwenye mipangilio ya ziada kabla ya kuposti. Ila kwako nina wasiwasi mwingine, parachichi la kutengenezwa linakua kubwa na halina hata doa, mteja akipokea Hass halisi anaona ameibiwa. Zao la shambani ningepiga picha ileile kreti inayoondoka.

Na dada, kama siku moja utapeleka bidhaa Google Merchant Center, picha zilizotengenezwa wanataka zibaki na alama yake ya ndani, `DigitalSourceType` yenye thamani `TrainedAlgorithmicMedia`. Usiipitishe picha WhatsApp kujitumia mwenyewe kisha ukaipakia, ikibanwa kule taarifa hizo hupotea.

KapuLaKihesa
Wakuu nimerudi. Picha nne nimezitoa zilikua na mikono ya ngozi, nimepiga za simu dirishani kama alivyosema kaka wa Uyole kumbe zilikua zinahitajika. Lugha kijana amenibadilishia. Alt nimeandika upya zote kwenye maktaba ya picha, kwenye bidhaa zimebadilika ila ule ukurasa wa "Historia yetu" simu bado inasoma mfuniko na parachichi. Nimekosea wapi?

FundiWeb_Mafinga
Hujakosea. WordPress ukiingiza picha ndani ya ukurasa inanakili alt ya siku ile, ukibadilisha maktaba baadaye ile nakala haifuati. Fungua huo ukurasa, bonyeza picha, badilisha palepale upande wa kulia. Na ile mistari ya urembo unayotenganishia aya acha alt wazi kabisa, `alt=""`, ili simu iiruke. Usifute neno alt lenyewe, ukilifuta simu inaweza kumsomea jina la faili.

Kamera_Uyole
Dada kama zile za dirishani zimetoka vizuri basi za kutengeneza za nini tena? Kikapu cha mkono hakuna viwili vinavyofanana, mimi naona kila kimoja kipigwe picha yake.

KapuLaKihesa
Nasuka mimi na kina mama wanane, vinatoka vingi kaka, kupiga kila kimoja na kukiandikia alt yake sijui kama nitaweza. Nalifikiria hilo.

nasikia_skrini
Nimepita tena leo jioni. Nimesikia "mdomo wazi, michirizi miwili ya zambarau" kwa Kiswahili chetu. Naomba niwekee kile kikubwa cha nguo, chenye mfuniko, ila kwanza niambie mfuniko unafunga kwa kamba au unakaa tu juu, hiyo bado hujaiandika.

KapuLaKihesa
Unakaa juu tu mwalimu, hauna kamba. Naiongeza sasa hivi kwenye kepsheni.