Naomba ushauri: marejeo ya mchezo uliobadilika toleo

Habari wakuu. Tasnifu yangu inahusu namna wanafunzi wanavyotafuta almasi ndani ya Minecraft, na chuo kinatumia APA. Kundi la kwanza lilicheza Java Edition 1.17.1, la pili 1.18. Yote mawili ni matoleo ya 2021, lakini 1.18 ilishusha sakafu ya ulimwengu wa mchezo kutoka 0 hadi -64, na almasi huongezeka kadiri unavyochimba chini. Bila kutaja toleo, matokeo hayalinganishiki kabisa.

Naona niweke marejeo mawili, Mojang Studios 2021a na 2021b, namba ya toleo ikifuata jina la mchezo. Msimamizi anataka moja tu, la 2011 mchezo ulipozinduliwa rasmi. Aliyewahi kutetea jambo hili alijengaje hoja?