Fomula yatoa #NOM? kwenye Excel ya Kifaransa, naomba ushauri

Wakuu, habari. Niko Kigoma, na mwalimu mwenzangu yuko Bujumbura akitumia Excel ya Kifaransa. Nilimwandikia fomula ya matokeo kwa ujumbe wa simu. Kwangu ni hii:

```
=IF(C2>=50,"Amefaulu","Amefeli")
```

Kwake koma ni ya desimali, kwa hiyo aliweka nukta mkato, lakini akaacha IF. Seli ikaonyesha #NOM?, ndiyo #NAME? ya kwetu. Hapo nilielewa: Excel yake inaijua SI, haiijui IF. Akabadilisha:

```
=SI(C2>=50;“Amefaulu”;“Amefeli”)
```

Bado #NOM?. Tazameni hizo alama za nukuu, zimepinda. Nadhani simu ndiyo iliyozigeuza, na Excel haizihesabu kuwa nukuu, ni sawa na kuacha neno wazi, ikaanza kutafuta jina liitwalo Amefaulu. Alipozifuta na kuziandika upya kwa kibodi ya kompyuta, jibu likaja.

Kinachonishangaza, faili lenyewe nikilituma kwa barua pepe linafunguka vizuri na IF inageuka SI yenyewe. Ni fomula ya kunakili tu inayokwama.

Sasa tuna fomula ndefu zenye COUNTIF (kwake NB.SI) na VLOOKUP (RECHERCHEV). Je, mnaofanya kazi na wenzenu wa Burundi au Kongo, mnatumiana faili dogo la mfano kila mara, au ipo njia ya kubandika fomula ya Kiingereza ikakubalika kwake? Asingependa kubadili lugha ya Excel, kompyuta inatumiwa na wengi.