Nina homa, naumwa, halafu naambiwa "Rudia"

Yule bosi wangu mnamjua. Yule mwenye kalamu nyekundu hata ndani ya kompyuta. Simtaji, mnamjua.

Leo alfajiri nimeamka na homa, jicho moja limegoma kufunguka. Kwa hilo lililobaki nikamwandikia barua pepe, nikabandika na picha ya cheti cha daktari. Dakika sita baadaye simu inalia. Nikajua ni pole. Wapi! Ni barua yangu mwenyewe imerudi, nyekundu kama imechinjwa, na chini yake neno moja: "Rudia."

Rudia! Mimi ni mgonjwa au mtahiniwa? Hakuna pole wala "umeamkaje". Rudia! Hata cheti cha daktari kakizungushia duara. Daktari naye arudie?

Kosa langu ni hili hapa, hukumuni wenyewe:

"Naomba ruhusa ya kuugua kuanzia Jumanne tarehe 12 hadi Ijumaa tarehe 15. Cheti ya daktari imeambatanishwa."

Sasa hapo kuna nini? RUDIA!!

Kobe Mpole: "Ruhusa ya kuugua" 😂😂 Na akikunyima, unapona? Ugua pole, lakini nimecheka mpaka nimekohoa. Na ni cheti CHA, KImeambatanishwa. Ki-vi hiyo, ndugu yangu.

Mwenye uzi: Nina homa, Kobe. Ngeli zimeyeyuka.

Karani Mstaafu: Mwanangu, pole kwanza. Cheti kimeandika siku ngapi?

Mwenye uzi: Siku 3 kuanzia tarehe 12. Ndiyo maana nikaandika hadi 15. 12 jumlisha 3.

Karani Mstaafu: Ndipo ulipoteleza. Siku ya kwanza nayo inahesabiwa: 12, 13, 14, tatu zimekwisha. Tarehe 15 unatakiwa uwe mezani kwako. Wewe umeandika "hadi 15", na anayeingiza mahudhurio ataisoma 15 kuwa ni siku ya kupumzika. Barua ina siku nne, cheti kinakulinda tatu. Hiyo ya nne itakatwa kwenye likizo yako au itaitwa utoro. Nimekaa masijala miaka mingi, ugomvi wa "hadi" nimeuamua mara nyingi kuliko wa mishahara. Andika hivi:

"Ninaumwa. Daktari amenipa mapumziko ya siku 3, kuanzia Jumanne tarehe 12 hadi Alhamisi tarehe 14 Machi, tarehe zote mbili zikiwemo. Nitarudi kazini Ijumaa tarehe 15 Machi. Cheti cha daktari kimeambatishwa."

Siku ya kurudi ipe sentensi yake, na mwezi utaje kwa jina. Kisha hesabu kwa vidole kabla ya kutuma. Sasa, kwenye cheti duara liko wapi?

Mwenye uzi: Kwenye mwezi. Daktari kaandika 12/2.

Karani Mstaafu: Basi hapo jamaa yako kakuokoa, ingawa adabu hana. Usithubutu kuigeuza hiyo 2 iwe 3 kwa mkono wako, hata kama kila mtu anajua ni Machi. Ukigusa, ni kughushi. Kirudishe kwa daktari akate kosa, aandike mwezi ulio sahihi, aweke saini na muhuri pembeni, ndipo upige picha upya.

Mwenye uzi: Nitoke kitandani nikafuate tarakimu moja?! Na yeye kasema RUDIA!

Sarufi Safi: Naunga mkono kimeambatishwa. "Kuambatanisha" ni kosa, neno hilo halipo.

Karani Mstaafu: Lipo, tena kamusini. Mimi hupendelea kuambatisha kwa kitu kinachobandikwa kwenye kingine, lakini nimeona maofisa wakubwa wakiandika lile lingine na barua zikapita.

Sarufi Safi: Zilipita kimakosa.

Bi Subira: Huyo daktari kwa nini anakwambia urudie? Badilisha hospitali.

Kobe Mpole: Bi Subira, soma uzi tena 😂

Nahodha: Afadhali yako. Mimi niliandika barua safi, nukta na mkato mahali pake, kisha nikasahau kubandika cheti. Wangu hakusahihisha wala hakujibu. Siku nne kimya, nimerudi nakuta barua ya onyo mezani. Ningepata mtu wa kuniambia "Rudia", ningembusu.

Bi Subira: Wangu alinipigia simu niko kwenye dripu, anauliza funguo za kabati. Nimekaa humo masaa mawili namwelekeza.

Sarufi Safi: Saa mbili.

Bi Subira: Saa mbili ilikuwa asubuhi, mimi nasema muda niliokaa!

Sarufi Safi: Basi "muda wa saa mbili".

Nahodha: Jamani, huyu Sarufi Safi mbona ana harufu ya kalamu nyekundu?

Mwenye uzi: Ngoja. Sarufi Safi, unafanya kazi wapi?

Kobe Mpole: Katoka hewani 😂😂